Karatasi ya bei ya ukumbi: mwongozo kamili kwa kamati iliyochoka kupatana kwenye simu

Karatasi nyingi za bei ninazoletewa nizikague zina mistari mitatu: harusi kiasi fulani, mkutano kiasi fulani, na chini kabisa "wanachama watapewa punguzo". Bei yenyewe imenakiliwa kutoka ukumbi wa jirani. Miezi miwili baadaye mweka hazina ananipigia: wateja wanapatana kama sokoni, wanachama wanaleta harusi za marafiki, na Jumamosi moja wamefika wapambaji wa pande mbili.

Mwongozo huu unafuata ukumbi mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni ukumbi wa chama cha kuweka na kukopa mjini Morogoro, unachukua watu 300 waliokaa, una feni na hauna viyoyozi. Nimekuwa kwenye kamati yake kwa miaka kadhaa. Tarakimu ni za mfano, nimezisawazisha ili hesabu isomeke. Weka zako mahali pake.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Daftari la buking la miaka miwili iliyopita, hata kama limechafuka.
- Risiti za LUKU, maji, usafi na mishahara za miezi sita.
- Orodha ya wanachama yenye salio la hisa na michango yao.
- Kalenda ya mwaka ujao, penseli, kalamu ya wino na kikokotoo.
- Watu watatu: mweka hazina, msimamizi wa ukumbi, na mwanachama mmoja asiye kiongozi. Huyu wa tatu atauliza maswali ambayo nyinyi wawili mmeshazoea kutoyauliza.

Tenga siku moja nzima. Kamati iliyojaribu kuimaliza kazi hii kwenye kikao cha saa mbili iliishia kunakili bei ya jirani tena.

## Hatua ya 1: Tafuta gharama ya kufungua mlango

Gharama ziko za aina mbili, na ukizichanganya utapotea. Za kwanza zinakuja mlango ukifunguliwa au usifunguliwe: walinzi, mshahara wa msimamizi, kodi ya jengo, akiba ya kubadilisha viti na kupaka rangi. Kwetu zinafika shilingi 1,420,000 kwa mwezi, yaani 17,040,000 kwa mwaka. Akiba ya ukarabati ni 300,000 ya hizo kila mwezi. Kamati nyingi huiacha kwa sababu hakuna anayeidai, halafu bati likivuja wanapitisha mchango.

Za pili zinakuja na shughuli yenyewe. Kuzipata ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Jumamosi asubuhi msimamizi aandike uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, na Jumapili asubuhi aandike tena. Afanye hivyo kwa shughuli nne, kisha mchukue wastani. Ongeza wafanya usafi, mlinzi wa ziada, maji ya tenki, taka na sabuni. Harusi moja kwetu inakula 130,000. Shughuli ya Ijumaa jioni au Jumapili ni ndogo kidogo, 110,000. Semina ya mchana inakula 30,000 tu.

Sasa fungua daftari uhesabu siku mlizouza mwaka jana. Sisi tuliuza Jumamosi 38, Ijumaa na Jumapili 31 kwa pamoja, na siku 21 za katikati ya wiki. Jumla shughuli 90.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanachukua zile milioni 17 wanazigawa kwa 90, wanapata kama 189,000 kwa kila shughuli, kisha wanamtwika mwenye semina ya asubuhi mzigo sawa na mwenye harusi. Mwenye semina anaondoka, na mzigo unabaki hapo hapo.

Mzigo ubebwe na siku zinazogombaniwa. Sisi tuliwapa Jumamosi asilimia 70 ya gharama za kudumu, Ijumaa na Jumapili 25, katikati ya wiki 5. Kwa Jumamosi hesabu inakwenda hivi:

```
17,040,000 x 0.70 = 11,928,000
11,928,000 / 38   = 313,900 (takriban)
313,900 + 130,000 = 443,900
```

Ukifuata njia hiyo hiyo, Ijumaa na Jumapili inatoka takriban 247,000, na siku ya kazi 71,000. Hizi tunaziita sakafu. Siyo bei. Ni alama ya ukutani inayosema kwamba ukiuza chini ya hapa mara kwa mara, chama kinamlipia mteja sherehe yake.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu kwa tarakimu moja: "Jumamosi moja inatugharimu kiasi gani?" Kama jibu linaanza na "inategemea", rudi kwenye risiti.

## Hatua ya 2: Panga siku kwa joto lake

Sisi tunatumia maneno matatu ambayo hata mlinzi wa getini anayaelewa: siku ya moto, siku ya vuguvugu na siku ya baridi. Siku ya moto ni ile ambayo watu wawili au zaidi huitaka. Kwa hiyo usihesabu waliopata tu. Hesabu na wale mliowaambia "imeshachukuliwa". Kama hamwaandiki waliokosa, anzeni leo, mstari mmoja kwa kila simu. Ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote kwenye daftari.

Kwetu Jumamosi ni ya moto karibu mwaka mzima, na Desemba inachemka zaidi. Ijumaa jioni na Jumapili ni vuguvugu, siku za sendofu, kicheni pati, ubarikio na mahafali. Jumatatu hadi Alhamisi ni baridi.

Kisha kuna Jumamosi zinazopoa. Kwa mji wenye Wakristo na Waislamu, zitazame Kwaresma na Ramadhani, na uzipange upya kila mwaka kwa sababu zinahama. Chukua 2027. Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 Februari na Pasaka ni tarehe 28 Machi. Ramadhani nayo inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari na kumalizika karibu na tarehe 9 Machi, kwa kutegemea mwandamo. Vipindi viwili vinakutana. Ukumbi unaopanga bei ya mwaka huo kwa kunakili kalenda ya miaka ya nyuma utakaa na Jumamosi saba tupu mfululizo, kuanzia tarehe 13 Februari hadi 27 Machi, huku ukitoza bei ya Desemba.

Tena baada ya Pasaka kuna msukumano. Jumamosi ya tarehe 3 Aprili mwaka huo ipigie mstari mwekundu mapema: ni Jumamosi ya kwanza baada ya mfungo, na wote waliosubiri watairukia.

Onyo: msifanye madaraja kuwa sita au saba. Nimeona karatasi yenye "moto sana", "moto wa wastani" na "moto wa sikukuu". Msimamizi aliikunja akaiweka droo, akarudia kukadiria kichwani.

## Hatua ya 3: Weka bei kamili, na useme ndani yake kuna nini

Sakafu mnayo. Sasa watu wawili waende kwenye kumbi tatu za jirani zenye ukubwa unaolingana na wenu, waulize kama wateja. Wasiulize bei tu. Waulize: viti vimo? Meza? Jenereta umeme ukikatika? Mpishi wa nje anaruhusiwa bila malipo? Vinywaji vya nje je? Ukumbi wa 500,000 unaotoza viti, jiko na "kingilio cha vinywaji" pembeni unaweza kumfikisha mteja kwenye 900,000. Ukilinganisha tarakimu za juu peke yake unajidanganya.

Sisi tuliamua viti 300, meza 40, jiko la nje, vyoo na maegesho viwe ndani ya bei. Jenereta ni malipo ya mafuta, yanapimwa kwa saa. Mpishi na mpambaji wa nje hawatozwi. Kuna wenye kumbi wanaowatoza, na sikatai kwamba ni mapato, lakini wapambaji na washereheshaji ndio wanaoulizwa na kamati za harusi "tuchukue ukumbi upi?" Ukiwakera, watakutangaza vibaya bila wewe kusikia.

Bei tulizofikia ni hizi: Jumamosi ya moto 700,000, Jumamosi iliyopoa 550,000, Ijumaa jioni au Jumapili 450,000, siku ya kazi mchana 150,000. Zote ziko juu ya sakafu, na zote tunaweza kuzieleza.

Kwa nini Jumamosi ya Kwaresma isishuke zaidi? Kimahesabu ingeweza. Siku tupu haiingizi chochote, kwa hiyo kila shilingi juu ya zile 130,000 za shughuli ni nafuu. Lakini mteja wa 700,000 wa Aprili naye ana masikio. Tofauti ya 150,000 anaielewa, kwa sababu ni msimu. Tofauti ya nusu kwa nusu ataiona kuwa ni kuibiwa.

Kuna mstari mmoja unaopendwa na wateja na hautugharimu sana: kikao cha kamati ya harusi, siku za kazi saa 11 jioni hadi saa 2 usiku, 20,000. Harusi za baada ya Pasaka zinaandaliwa wakati wa Kwaresma. Kamati zinahitaji pa kukaa kila wiki, na kamati iliyokaa kwako wiki sita inakuwa imeshauzoea ukumbi wako.

Kuhusu kodi nisimame kidogo. Kama chama kimesajiliwa VAT, kodi hiyo iwe ndani ya bei iliyoandikwa. Mteja asiambiwe mwishoni "bado VAT". Na taasisi ikikodi kwa semina ya 150,000 ikawalipa 135,000, msikimbilie kulalamika kwamba mmepunjwa. Imekata kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Dai cheti cha makato hayo, maana ndicho kitakachowasaidia kwenye hesabu zenu za kodi.

## Hatua ya 4: Bei ya mwanachama

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hapa ndipo vyama vinapovunjika urafiki.

Tulianza na nusu bei. Ilipigiwa makofi kwenye mkutano mkuu. Nusu ya 700,000 ni 350,000, na sakafu ya Jumamosi ni karibu 444,000. Kila harusi ya mwanachama ilikuwa inakitoa chama 94,000, tena kwenye siku ambayo mgeni alikuwa yuko tayari kulipa bei kamili. Asiye na mtoto wa kuoza alikuwa anamchangia mwenye watoto watano bila kujua.

Sasa punguzo ni dogo siku za moto na kubwa siku nyingine. Jumamosi ya moto mwanachama analipa 630,000. Jumamosi iliyopoa 460,000, Ijumaa au Jumapili 360,000, siku ya kazi 120,000. Sababu ni nyepesi: tunataka mwanachama avutwe kuelekea siku ambazo zingelala tupu.

Andikeni kiasi cha shilingi, msiandike asilimia. Asilimia inahitaji kikokotoo, na kikokotoo kinafungua mlango wa "hebu nizungushie hapo".

Gharama ya punguzo ielezwe kwenye mkutano kwa lugha ya kawaida. Wanachama 10 wakichukua Jumamosi za moto kwa mwaka, kila mmoja akiokoa 70,000, chama kinaacha 700,000, yaani bei ya Jumamosi moja. Kwa nusu bei kingeacha Jumamosi tano. Tulipoandika hivyo ubaoni, mjadala ulikwisha haraka kuliko nilivyotegemea.

### Nani ni mwanachama, na shughuli ni ya nani?

Swali la kwanza ni jepesi. Mwanachama ni aliyetimiza miezi sita, hisa zake zimekamilika, na hana deni lililopita tarehe siku anayobuki. Siku anayobuki, siyo siku ya sherehe. Vinginevyo mtu anajiunga Jumatatu kwa ajili ya harusi ya Jumamosi.

La pili ndilo gumu. Kanuni yetu ya zamani ilisema "shughuli ya mwanachama au mtoto wake". Basi akaja mzee mmoja na harusi ya mtoto wa mdogo wake. Tukamwambia huyo si mtoto wako. Alinyamaza, akaniangalia, akasema, "Baba yake alipokufa, nani alimsomesha?" Sikuwa na jibu. Na kweli, kwa Kiswahili chetu mtoto wa mdogo wako wa kiume ni mtoto wako. Ukianza kuandika "wa kumzaa" utawaumiza waliolea. Ukiacha wazi, mtaa mzima ni watoto.

Tukaacha kuchunguza ukoo. Kila mwanachama ana nafasi moja ya bei ya mwanachama kwa mwaka, Januari hadi Desemba. Aitumie kwa sherehe ya yeyote amtakaye. Masharti ni mawili: mkataba anausaini yeye mwenyewe, na dhamana ya uharibifu iko kwa jina lake. Mtu hamkopeshi jirani nafasi yake ya pekee kirahisi hivyo, hasa akijua viti vikivunjika atadaiwa yeye.

Msiba hatujauweka kwenye karatasi kabisa. Mwanachama akifiwa na ukumbi uko wazi, anachangia gharama za shughuli tu. Kukiwa na buking, tunatoa viti.

## Hatua ya 5: Eleza unauza saa zipi

"Siku nzima" haina maana yoyote. Kwetu Jumamosi ni kuanzia saa 2 asubuhi, mpambaji anapoingia, hadi saa 6 usiku muziki unapozimwa, na saa 7 usiku vyombo vyote viwe vimetoka. Ijumaa ni kuanzia saa 6 mchana hadi saa 5 usiku, kwa sababu kesho yake asubuhi kuna mtu mwingine. Jumapili ni saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku.

Andikeni kila saa na neno lake: asubuhi, mchana, jioni, usiku. "Saa 6" peke yake imeshatuletea mabishano.

Lakini lililotuumbua ni tarehe. Mama mmoja aliandika kwenye fomu: "usiku wa Ijumaa". Msimamizi alielewa Ijumaa jioni. Mama yule ni mtu wa Pwani, na kwake siku huanza jua linapozama, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa. Alhamisi saa 12 jioni akatokea na masufuria na ngoma, geti limefungwa kwa kufuli. Wote wawili walikuwa sahihi. Tangu siku hiyo fomu yetu ina mstari mmoja tu wa tarehe, nao unajazwa hivi: *Alhamisi tarehe 15 kuamkia Ijumaa tarehe 16*. Hakuna anayeruhusiwa kuandika "usiku wa" chochote.

Jambo la mwisho ni upambaji. Kila mpambaji atataka kuingia Ijumaa usiku. Kama Ijumaa haijauzwa kufikia Jumatano ya wiki hiyo, mwenye Jumamosi anaweza kuingia saa 10 jioni kwa 60,000. Haahidiwi kabla ya hapo. Ukimuahidi mapema umemuuzia Ijumaa ya 450,000 kwa 60,000.

## Hatua ya 6: Kanuni za buking

Penseli na wino. Daftari ni moja, linakaa kwa mtu mmoja. Mtu akisema "nishikie hiyo tarehe", jina linaandikwa kwa penseli na saa ya kuisha: siku mbili. Zikipita bila malipo, jina linafutwa bila kupigiwa simu. Akilipa advansi linaandikwa kwa wino. Mwingine akiitaka tarehe iliyo na penseli, aliyeshikiwa anapewa hadi kesho saa 6 mchana alipe au aachie. Usiwe na daftari la pili kwenye simu ya mwenyekiti. Buking mbili siku moja karibu kila mara hutoka huko.

Advansi. 200,000 kwa Jumamosi, 100,000 kwa Ijumaa na Jumapili, na siku ya kazi unalipa yote. Malipo yanakwenda kwenye lipa namba ya chama, kamwe si kwenye simu ya msimamizi, na risiti inatoka siku hiyo hiyo.

Salio. Wenye kumbi wengi wanadai yote mwezi mmoja kabla. Karatasini inapendeza, ila harusi zetu zinalipwa na michango, na ahadi hutimizwa wiki za mwisho. Ukidai mapema mno, kamati inakopa au inahama. Sisi tunataka nusu ya bei iwe imefika siku 30 kabla na yote siku 7 kabla. Ile alama ya siku 30 ndiyo ya kuangalia. Kamati ambayo haijafika nusu mpaka hapo, mwenyekiti wake aitwe mzungumze, kwa sababu bado mna muda wa kuiuza tarehe.

Kughairi. Zaidi ya siku 60 kabla, advansi inarudi pungufu 50,000. Kati ya siku 60 na 30, inarudi nusu. Chini ya siku 30 hairudi, isipokuwa tukipata mteja mwingine wa siku ile ile. Hapo tunarudisha na kukata 50,000 tu. Sharti hili la mwisho limetuepusha na ugomvi mwingi, maana mteja aliyeghairi anaanza mwenyewe kututafutia mrithi.

Kuahirisha. Mara moja, bila malipo, siku 30 au zaidi kabla, kwenda tarehe iliyo ndani ya miezi sita. Akihama kutoka siku ya vuguvugu kwenda ya moto analipa tofauti. Akihama kutoka moto kwenda vuguvugu, harudishiwi tofauti. Akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa tumbo moja, siku hazihesabiwi.

Dhamana. 150,000, tofauti kabisa na bei, na ipokewe kwa risiti yake. Kabla mpambaji hajaingia, msimamizi na mwakilishi wa mteja wanazunguka pamoja na orodha: viti vingapi, vioo, taa, koki za vyooni, kuta. Wanasaini. Baada ya shughuli wanazunguka tena. Vitu tunavyokata vina bei kwenye orodha: kiti kilichovunjika 25,000, msumari ukutani 5,000, nta ya mishumaa sakafuni 20,000. Kilichobaki kinarudi Jumatatu kabla ya saa 10 jioni. Ukichelewesha dhamana wiki mbili, uaminifu wa karatasi yote umekwenda.

Kupitiliza. Saa moja ya ziada ni 100,000, na inakatwa kwenye dhamana. Baada ya saa 7 usiku umeme wa spika unazimwa, hata bwana harusi awe hajala keki. Wanaoshindwa hapa wanamsainisha mwenye harusi peke yake, naye usiku ule yuko juu jukwaani na suti, hana habari na saa. Anayeshika muda ni mshereheshaji. Mpe nakala ya ratiba, mwambie asaini, na msimamizi amfuate saa 5 na nusu usiku amwonyeshe saa. Tangu tuanze hivyo, tumekata pesa ya kupitiliza mara mbili tu.

## Hatua ya 7: Iandike kwenye ukurasa mmoja

| Siku | Saa | Bei kamili | Mwanachama |
|---|---|---|---|
| Jumamosi | Saa 2 asubuhi hadi saa 6 usiku | 700,000 | 630,000 |
| Jumamosi iliyopoa (tarehe zimetajwa nyuma) | Saa 2 asubuhi hadi saa 6 usiku | 550,000 | 460,000 |
| Ijumaa | Saa 6 mchana hadi saa 5 usiku | 450,000 | 360,000 |
| Jumapili | Saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku | 450,000 | 360,000 |
| Jumatatu hadi Alhamisi | Saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni | 150,000 | 120,000 |
| Kikao cha kamati, siku za kazi | Saa 11 jioni hadi saa 2 usiku | 20,000 | 20,000 |

Chini ya jedwali ziwe sentensi tano: nini kimo ndani ya bei, advansi, salio, dhamana, na lipa namba. Nyuma ya ukurasa ziende kanuni za kughairi, orodha ya vitu vinavyokatwa, na tarehe halisi za Jumamosi zilizopoa. Usiandike "Kwaresma" tu. Taja Jumamosi zenyewe, moja moja. Weka pia tarehe ya mwisho ya karatasi, kwa mfano "bei hizi zinatumika hadi 31 Desemba". Aliyeshalipa advansi anabaki na bei aliyoikuta.

Ondoa neno "punguzo" popote lilipo, na usimwachie mtu yeyote madaraka ya kupunguza, hata mwenyekiti. Mteja mmoja akipunguziwa, habari inafika kwenye kundi la Watsapu la kamati nyingine kabla hajatoka getini.

Kisha ijaribu. Mpe karatasi mtu ambaye hajawahi kukodi ukumbi, muulize maswali manne: Ijumaa tarehe fulani nitalipa kiasi gani mimi si mwanachama? Nikighairi siku 40 kabla napata nini? Mpambaji anaingia saa ngapi? Nikivunja viti viwili narudishiwa kiasi gani cha dhamana? Kama anajibu yote bila kukuangalia usoni, ichape. Tulipoijaribu ya kwetu kwa binti wa duka la jirani, alikwama kwenye swali la pili, kwa sababu tulikuwa tumeandika "miezi miwili" mahali pamoja na "siku 60" mahali pengine. Tulibadilisha neno hilo, tukachapa nakala 50, moja tukaibandika kwenye kioo cha ofisi, upande wa nje.